Dyuresheni peke yake, dyuresheni na konveksiti, au kupiga bei upya: kipimo kipi kwa hatifungani ya miaka 25?

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani ya serikali ya miaka 25 yenye kuponi, yaani riba ya mwaka, ya asilimia 12.56. Kufikia mwaka 2024, hatifungani mpya ya muda huohuo ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.75. Mwenye ile ya zamani, yenye thamani ya usoni ya shilingi milioni 100, akitaka kuiuza ana swali moja tu: soko likidai mavuno, yaani faida ya mwaka kwa mnunuzi, ya asilimia 15.75, karatasi yangu ni ya shilingi ngapi?

Ukimuuliza anayetumia dyuresheni peke yake, kipimo cha kasi ya bei kubadilika mavuno yakisogea, atasema milioni 75.81. Anayeongeza konveksiti, kipimo cha namna kasi hiyo yenyewe inavyobadilika, atasema milioni 81.05. Anayekokotoa kila malipo kwa mavuno mapya atasema milioni 80.20, na huyo wa mwisho ndiye mwenye jibu sahihi. Wa kwanza amemnyima muuzaji shilingi milioni 4.39, na hakukosea kuzidisha wala kutoa. Amekitumia kipimo mahali kisipofika.

Tuchukue kwamba hatifungani ilinunuliwa kwa bei ya 100, inalipa kuponi mara mbili kwa mwaka, na bado ina miaka 25 kamili. Kiuhalisia miaka miwili ingekuwa imepita na namba zingesogea kidogo, lakini kuuacha muda umesimama kunatuwezesha kuona athari ya mavuno peke yake. Dyuresheni ya hatifungani hii ni 7.58 na konveksiti yake ni 102.9. Bei zote ni kwa kila 100 ya thamani ya usoni.

| Mavuno yanakwenda | Dyuresheni tu | Dyuresheni na konveksiti | Bei kamili |
|---|---|---|---|
| 12.81% (juu pointi 0.25) | 98.10 | 98.14 | 98.14 |
| 13.56% (juu pointi 1) | 92.42 | 92.93 | 92.90 |
| 15.75% (juu pointi 3.19) | 75.81 | 81.05 | 80.20 |
| 9.37% (chini pointi 3.19) | 124.19 | 129.43 | 130.59 |

Tazama safu ya dyuresheni tu dhidi ya bei kamili. Katika mistari yote minne dyuresheni iko chini, mavuno yapande au yashuke. Hapa ndipo wengi huchanganya. Kusema kwamba dyuresheni inakadiria chini hakumaanishi kwamba inapunguza hasara. Mavuno yakipanda, inakuza hasara, kwa sababu bei inayoitoa ni ndogo kuliko ya kweli. Mavuno yakishuka, inapunja faida, kwa sababu ileile. Kwa mwendo uleule wa pointi 3.19, dyuresheni inaahidi kupoteza 24.19 au kupata 24.19. Ukweli ni kupoteza 19.80 au kupata 30.59.

Dyuresheni peke yake

Dyuresheni, hii iliyorekebishwa ambayo programu za hesabu huiita `MDURATION`, ni kasi ya bei kubadilika ukiwa umesimama pale pale ulipo. Dyuresheni ya 7.58 inasema kwamba kwa kila pointi moja ya mavuno, bei inasogea karibu asilimia 7.58 upande wa pili. Kazi yake ni kuzidisha mara moja, na unaweza kuifanya kichwani ukiwa kwenye simu na dalali.

Inatosha mwendo ukiwa mdogo. Kwa robo ya pointi, kosa kwenye bei ni 0.032 tu, yaani shilingi 32,000 kwenye milioni 100. Kamisheni ya dalali ina uzito zaidi ya hapo.

Tatizo ni namna kosa linavyokua. Kutoka pointi 0.25 hadi pointi 1 mwendo umeongezeka mara nne, lakini kosa limepanda kutoka 0.032 hadi 0.49, karibu mara kumi na tano. Kosa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia dyuresheni miaka mitatu ya soko tulivu bila kuona dosari, kisha mwaka wa nne, soko likiruka pointi tatu, hesabu zake zikapishana na bei halisi kwa mamilioni.

Kwa nini iko chini daima

Chukua malipo mawili kati ya hamsini ya hatifungani hii uyaangalie kwa karibu.

Malipo ya kwanza ni kuponi ya miezi sita ijayo. Mavuno yakipanda kutoka 12.56 hadi 15.75, thamani yake ya leo inapungua kwa asilimia 1.5 hivi. Hayo yako mlangoni. Hayana muda wa kuumizwa.

Malipo ya mwisho ni mtaji wa 100 unaorudi baada ya miaka 25. Kwa mavuno ya 12.56 thamani yake ya leo ni 4.76. Kipimo cha mstari mnyoofu kinaona hivi: malipo haya yana dyuresheni ya 23.5, mavuno yamepanda pointi 3.19, basi thamani imepungua kwa asilimia 75 na imebaki 1.19. Ukikokotoa kikweli inabaki 2.26. Imepungua kwa asilimia 52.5 tu.

Sababu ni kwamba kila pointi inayoongezeka inakata kutoka kwenye kilichobaki. Haikati kutoka kwenye 4.76 ya mwanzo. Pointi ya kwanza inakata kipande kikubwa, ya pili inakuta kiasi kimeshapungua na kukata kidogo zaidi, ya tatu kidogo zaidi tena. Dyuresheni haijui hilo. Inachukua ukubwa wa kipande cha kwanza na kukirudia kila mara. Mavuno yakishuka mambo yanageuka: kila pointi inaongeza juu ya kiasi kilichokwisha kukua, lakini dyuresheni inaendelea kuongeza kipande kilekile cha mwanzo.

Kwa jumla ya malipo yote hamsini, matokeo ni kwamba dyuresheni yenyewe haikai. Mavuno yakifika 15.75, dyuresheni ya hatifungani hii inashuka kutoka 7.58 hadi 6.30, kwa sababu malipo ya mbali yamepungua uzito kuliko ya karibu. Ukichora bei dhidi ya mavuno, unapata upinde uliobonyea katikati. Dyuresheni ni rula iliyogusa upinde huo kwenye nukta moja, na kwa kuwa upinde unanyanyuka pande zote mbili, rula inabaki chini yake kulia na kushoto. Kunyanyuka huko ndiko konveksiti inakopima.

Dyuresheni na konveksiti

Kanuni inaongeza kipande kimoja tu:

```
bei mpya = bei × (1 − D × Δy + ½ × C × Δy²)
```

`D` ni dyuresheni na `C` ni konveksiti. Mwendo wa mavuno, yaani `Δy`, unaandikwa kwa desimali: pointi 3.19 ni 0.0319. Kwa mfano wetu kipande cha dyuresheni ni kupungua kwa asilimia 24.19. Kipande cha konveksiti ni nusu ya 102.9, mara 0.0319, mara 0.0319 tena, yaani kuongezeka kwa asilimia 5.24. Bei inakuwa 81.05. Kosa limeshuka kutoka 4.39 hadi 0.85, na limebadilika upande: sasa makadirio yako juu ya bei ya kweli.

Mavuno yanaposhuka, marekebisho hayohayo yanaacha bei chini kidogo, 129.43 badala ya 130.59. Sababu ni kwamba konveksiti nayo haikai. Hupungua mavuno yakipanda na kukua yakishuka, kama dyuresheni. Kwa hiyo ukisikia kwamba konveksiti imemaliza kosa, sahihisha: imekula sehemu kubwa, na masalia yamebaki.

Kuipata si kazi ngumu, ingawa Excel haina fomula yake ya moja kwa moja. Weka tarehe ya kununua kwenye B1 na tarehe ya kuiva kwenye B2, kisha piga bei tatu: kwa mavuno ya leo, juu kidogo na chini kidogo.

```
C1: =PRICE(B1,B2,12.56%,12.66%,100,2)
C2: =PRICE(B1,B2,12.56%,12.56%,100,2)
C3: =PRICE(B1,B2,12.56%,12.46%,100,2)
C4: =(C1+C3-2*C2)/(C2*0.001^2)
```

Utapata 99.2468, 100 na 100.7635. Bei mbili za pembeni zikijumlishwa zinazidi 200 kwa 0.0103, na ziada hiyo ndogo ndiyo konveksiti yote. Kwa sababu ni ndogo hivyo, usizungushe bei. Mtu akitumia bei zenye desimali mbili na hatua ya pointi 0.01, anapata 99.92 na 100.08, jumla 200 kamili, na konveksiti sifuri. Jibu la sifuri kwenye hatifungani ya kawaida ya kuponi ni dalili ya kuzungusha namba. Halisemi lolote kuhusu hatifungani yenyewe. Na kama hauko kwenye tarehe ya kuponi, ongeza riba iliyokwisha kulimbikizwa kwenye bei zote tatu kabla ya kugawanya, kwa maana fedha inayobadili mkono ni pamoja na riba hiyo.

Makosa mengi zaidi huletwa na vipimo. Anayekokotoa kwa mkono kwa vipindi vya miezi sita anapata dyuresheni 15.17 na konveksiti 411.7. Dyuresheni inagawanywa kwa 2 ili iwe ya mwaka, lakini konveksiti inagawanywa kwa 4, kwa sababu muda umo ndani yake mara mbili. Ukisahau kugawanya konveksiti, marekebisho yanakuwa asilimia 20.95 na bei inatoka 96.76. Hatifungani ya miaka 25 iliyopigwa na pointi 3.19 haiwezi kupoteza tatu tu, kwa hiyo namba kama hiyo ikutie shaka mara moja.

Baadhi ya mitambo huonyesha konveksiti ikiwa imegawanywa kwa 100, hivyo utaona 1.03 mahali pa 102.9. Mingine imeshaitia ile nusu ndani. Badala ya kusoma maelezo ya mtambo, jaribu kwa robo ya pointi: piga bei kamili, piga makadirio, na kama hayalingani hadi desimali ya pili, kipimo chako na cha mtambo ni tofauti.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kuchukua dyuresheni ya Macaulay, yaani wastani wa miaka ya kungojea malipo, ambayo hapa ni 8.06, na kuiingiza kwenye kanuni badala ya ile iliyorekebishwa. Hasara inakadiriwa 25.71 badala ya 24.19, na konveksiti inalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Kupiga bei upya

Hii ndiyo njia isiyokadiria. Kila malipo yanarudishwa kwenye thamani ya leo kwa mavuno mapya, kisha yanajumlishwa:

```
=PRICE(B1,B2,12.56%,15.75%,100,2)
```

Jibu ni 80.20. Kama una hatifungani moja, kompyuta, na mavuno unayotaka kuyajaribu, sioni sababu ya kutumia njia nyingine. Konveksiti bado ina kazi pale ambapo una hatifungani mia mbili na unataka kujua kwa haraka jumla ya kapu lako itasogea vipi, au unapotaka kueleza kwa nini bei imetoka tofauti na ulivyotarajia.

Ila `PRICE` ina dhana ndani yake: mtaji wote unarudi siku ya mwisho. Baadhi ya hatifungani za miundombinu za Kenya hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya kuiva. Ukiiweka ya namna hiyo kwenye `PRICE`, programu itaichukulia kana kwamba mtaji wote uko mbali, na kuipa dyuresheni na konveksiti kubwa kuliko iliyo nayo. Hapo andika malipo yote safu kwa safu, kila fungu la mtaji na kuponi inayopungua pamoja nalo, uyarudishe moja moja. Waraka wa toleo hutaja ratiba ya mafungu hayo.

Pale ambapo hata konveksiti inaharibu

Mwaka 2020 Austria iliuza hatifungani ya miaka 100 yenye kuponi ya asilimia 0.85. Kuponi ni ndogo mno na mtaji uko karne moja mbele, kwa hiyo karibu kila kitu kiko mbali. Ukiipigia hesabu kwa bei ya 100, kuponi mara moja kwa mwaka, dyuresheni ni 67.2 na konveksiti ni karibu 5,800. Riba za Ulaya zilipopanda mwaka 2022, hatifungani hii ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake.

Jaribu kupandisha mavuno pointi mbili, kutoka 0.85 hadi 2.85. Dyuresheni peke yake inasema bei itapungua kwa asilimia 134, yaani karatasi ina thamani ya 34 chini ya sifuri. Mwenye nayo angemlipa mtu aichukue! Bei kamili ni 34.05, juu ya sifuri.

Hapo mtu anakimbilia konveksiti, nayo inamwangusha upande wa pili: inaongeza asilimia 116, na bei inakuwa karibu 82. Makadirio ya kwanza hayana maana yoyote, ya pili yanaonekana ya busara, na hayo ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachopiga kelele. Kwa pointi nusu tu konveksiti ilikuwa bado inafanya kazi vizuri, 73.66 dhidi ya bei kamili ya 72.65. Kwa pointi moja tayari ilikuwa 61.8 dhidi ya 54.6.

Kipimo cha kujikinga ni rahisi: zidisha dyuresheni kwa mwendo. Hatifungani ya Tanzania kwa pointi 3.19 inatoa 0.24, na konveksiti ikabakisha kosa la 0.85. Ya Austria kwa pointi mbili inatoa 1.34. Zao likiwa chini ya 0.05, dyuresheni inatosha. Kati ya hapo na 0.25 hivi, ongeza konveksiti. Likipita hapo, piga bei upya na usijisumbue na makadirio. Mipaka hii ni ya kazi, si ya kitabu. Mtu anayetaka usahihi wa senti ataishusha.

Muda mfupi hubadili uchaguzi

Ukilinganisha na hatifungani ya miaka mitano, tukiipa kuponi na mavuno yaleyale ya 12.56 ili tusichanganye mambo, picha ni nyingine. Dyuresheni yake ni 3.63 na konveksiti ni 17.1. Kwa mruko uleule hadi 15.75, dyuresheni tu inatoa 88.41, konveksiti inafikisha 89.28, na bei kamili ni 89.24. Kosa la dyuresheni ni 0.82, chini ya moja ya tano ya lile la miaka 25. Muda ni mara tano, lakini dyuresheni ni mara mbili tu na konveksiti ni mara sita. Kwa hiyo mwenye kapu la miaka miwili hadi mitano anaweza kuishi na dyuresheni, na anayechanganya miaka mitano na 25 kwenye jedwali moja asitumie kipimo kimoja kwa zote, maana kosa lote litakuwa limejificha kwenye ile ndefu.

Yote haya yanashikilia kwa hatifungani ambazo malipo yake hayabadiliki mavuno yakisogea. Ikiwa mkopaji ana haki ya kuzilipa mapema, kama ilivyo kwa dhamana za mikopo ya nyumba za Marekani, mavuno yakishuka wakopaji wanalipa na kukopa upya kwa bei nafuu, na malipo ya mbali uliyokuwa unayategemea yanakujia sasa hivi kwa 100. Upinde unageuka, konveksiti inakuwa hasi, na rula ya dyuresheni inakuwa juu ya bei badala ya chini yake. Ukipiga zile bei tatu na jumla ya mbili za pembeni ikatoka pungufu ya mara mbili ya bei ya kati, na hukuzungusha namba, soma tena waraka wa toleo utafute kifungu cha kulipa mapema.